Kahawa inaonjwa puani: kuhusu mafua, kumeza na kutema

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Mbinga, baba ana shamba la kahawa na mwaka huu chama chetu kimeanza kutufundisha kuonja. Nina mambo mawili yananisumbua. La kwanza, nilipata mafua wiki nzima, kahawa nyeusi ikawa kama maji machungu tu, haina kingine. La pili, siku ya mafunzo tuliambiwa tuteme kila funda, mimi nikitema sisikii kitu, ila nikiiba nikameza kidogo ladha yote inakuja, hadi ile ya limao wanayoisema. Ulimi si ni huohuo? Au mimi ulimi wangu una shida?

Jibu:

Marahaba mwanangu. Ulimi wako mzima kabisa, na wala hukukosea kuiba hilo funda, manake kwa kuiba umegundua kitu ambacho mimi nilikaa kwenye meza ya kuonja kahawa miaka kadhaa bila kukielewa vizuri. Kabla sijaeleza chochote nakuomba ufanye jaribio moja hapohapo nyumbani, halihitaji mashine.

Chukua sukari nusu kijiko, changanya na mdalasini wa unga kidogo. Bana pua kwa vidole, bana kwelikweli, alafu weka huo mchanganyiko mdomoni na ufumbe mdomo. Tafuna, zungusha na ulimi, subiri kama sekunde kumi. Utasikia utamu wa sukari na ungaunga flani wa mdalasini kwenye ulimi, basi. Mdalasini wenyewe hamna. Sasa achia pua, mdomo ukiwa bado umefumbwa, toa pumzi puani taratibu. Hapo ndo mdalasini unaingia kama mtu kafungua mlango, na cha ajabu utasikia umeingia mdomoni, sio puani. Ukishafanya hivyo rudia na kahawa nyeusi isiyo na sukari, ya vuguvugu isikuunguze, na pua uibane kabla kikombe hakijakaribia uso, maana ukinusa kwanza akili inajua tayari inachokunywa na inaanza kukudanganya.

Hiyo kahawa ya pua iliyobanwa ndiyo kahawa uliyokunywa wiki nzima ya mafua. Ndiyo kahawa halisi ya ulimi. Ulimi unajua mambo matano tu: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha ya mchuzi wa nyama au uyoga ambayo wajapani wameipa jina la umami. Kwenye kahawa nyeusi kati ya hayo matano yanayofanya kazi sana ni mawili, uchungu na uchachu. Ongeza hapo vitu ambavyo si ladha bali ni mguso, yaani joto, uzito wa kinywaji mdomoni, na ule ukakasi kama wa ndizi mbichi ukizidi. Mwisho. Limao, chokoleti, karanga, maua, moshi, asali, hivyo vyote tunavyoviandika kwenye fomu za kuonja, ulimi hauvijui. Limao lile ulilolisikia lilikuwa na sehemu mbili, ukali wake uliupata kwa ulimi, lakini ulimao wake, kile kinachokufanya useme ni limao na sio ndimu wala siki, ulikipata puani.

Hata utamu mwanangu. Watu wanabisha sana hapa. Kahawa mbichi ina sukari yake ndiyo, ila ukikaanga karibu yote inaungua na kugeuka vitu vingine, na inayobaki kwenye kikombe cheusi ni kidogo mno kwa ulimi kuishika. Kwa hiyo mtu akikuambia kahawa hii tamu bila sukari, mara nyingi anasikia harufu ya sukari iliyoungua, harufu tuliyozoea tangu utoto kuwa inakuja pamoja na utamu, basi akili inajumlisha yenyewe. Bana pua na huo utamu unaondoka wote. Mi mwenyewe siku ya kwanza nilipofanya hivyo nilikasirika, nilikuwa nimeandika "tamu" kwenye mamia ya fomu.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe. Pua ina mlango wa mbele, ambao ni matundu haya tunayopengea kamasi, na ina mlango wa uani, ambao uko nyuma ya mdomo, juu ya kaakaa laini, pale kinaponing'inia kimio. Ukikodoa macho kwenye kioo ukafungua mdomo utakiona kimio, nyuma yake na juu yake ndipo huo mlango ulipo. Seli zinazonusa hazipo kwenye tundu la pua wala hazipo mdomoni, ziko juu kabisa, kwenye dari ya pua karibu na kati ya macho, mahali pembamba sana, upenyo wa milimita moja au mbili hivi. Harufu inaweza kufika hapo kwa mlango wa mbele ukivuta pumzi, au kwa mlango wa uani ukitoa pumzi. Seli ni zilezile, dari ni ileile, kinachobadilika ni upande hewa inapotokea. Hiyo ya uani wataalamu wanaiita harufu ya retronazali, mi naiita harufu ya uani na wanafunzi wangu wananielewa.

Na unaijua hata kama hukuwahi kuiita jina. Ukibeua saa mbili baada ya kula dagaa, unayoyasikia ni hayohayo, hewa imepanda kutoka chini ikapita uani. Hujanusa kwa mbele hata kidogo.

Kwa nini tunasema tunasikia mdomoni basi? Kwa sababu akili inatafuta chanzo. Ulimi unahisi kitu cha moto, chenye uzito, kichungu, kiko pale, na sekunde ileile harufu inafika kutoka uani, basi akili inasema hivi ni kitu kimoja na kiko mdomoni. Ndo maana mtu mwenye mafua anasema ulimi umekufa. Haujafa. Siku ukiwa na mafua lamba chumvi, utaisikia vilevile. Lamba limao, utakunja uso vilevile. Kilichokufa ni pua, ila lawama anapewa ulimi. Paul Rozin, mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, aliliandika hili mwaka 1982, akasema kunusa ni hisi moja yenye sura mbili, ya kunusa vitu vilivyoko nje na ya kunusa vitu vilivyoko mdomoni, na kwamba harufu ileile inaweza kukupendeza kwa upande mmoja ikakuchukiza kwa upande mwingine. Mfikirie mtu anayependa kunusa kahawa ikisagwa ila hanywi, wapo wengi. Harufu ya mbele haina uchungu ndani yake, ya uani inakuja imeshikana mkono na uchungu wa ulimi.

Haya, mafua. Ukiwa na mafua vitu viwili vinatokea. Nyama za ndani ya pua zinavimba, na kamasi zinaongezeka, na ule upenyo mwembamba wa juu unaziba. Hewa ikitoka mapafuni inatafuta njia rahisi, inapita mdomoni, haipandi juu. Hapo mvuke wa kahawa upo, seli za kunusa zipo na ni nzima, ila hazikutani. Ni kama una redio nzima na betri nzima ila waya haujafika. Ndiyo maana mafua yakiisha mara nyingi ladha inarudi siku hiyohiyo pua inapoachia, na wakati mwingine inarudi kwa dakika kumi ukioga maji ya moto, alafu inaziba tena.

Sasa kumeza, hapa ndipo swali lako lilipo zuri zaidi na watu wengi hawalielezi.

Ukiwa umeweka funda la kahawa mdomoni na umetulia nalo, sehemu ya nyuma ya ulimi inainuka na kaakaa laini linashuka, vinakutana, vinafunga mdomo kwa nyuma ili kahawa isimwagikie kooni kabla hujaamua. Wakati huo wewe unaendelea kupumua puani kama kawaida, hewa inatoka mapafuni inapita nyuma inapanda puani, lakini haigusi kahawa, maana kahawa imefungiwa chumbani na mlango umefungwa. Kwa hiyo unaweza ukashika funda mdomoni dakika nzima na harufu ya uani ikawa kidogo sana. Jaribu uone, ni kweli, shika tu bila kuizungusha.

Alafu unameza. Kwa kitambo kifupi, kama sekunde moja hivi, pumzi inasimama na kaakaa laini linapanda juu kuziba njia ya pua, kahawa isipite huko. (Ukichekeshwa wakati unameza hilo zibo linachelewa, na ndo chai inatoka puani, watoto wanalijua hili kuliko madaktari.) Kwa hiyo wakati wenyewe wa kumeza husikii harufu, njia imezibwa kabisa. Kahawa inateremka kwenye koromeo, na inapopita inaacha utando mwembamba wa kahawa umepaka kuta za koo, wenye joto la mwili, unatoa mvuke. Sekunde hiyohiyo zibo linafunguka na pumzi ya kwanza baada ya kumeza, kwa watu wengi na mara nyingi, ni ya kutoka sio ya kuingia. Mwili umepanga hivyo ili tone lililobaki lisivutwe mapafuni. Hiyo pumzi inatoka chini, inafagia kuta zilizopakwa kahawa, inabeba mvuke wote inaupeleka uani, juu mpaka darini. Hapo ndo limao lako lilipotokea. Halikutokea ulipokuwa nayo mdomoni, wala ulipokuwa unameza, lilitokea nusu sekunde baada ya kumeza, ukitoa pumzi bila kujua. Pumzi zinazofuata zinaendelea kubeba kilichobaki, kila mara kidogo zaidi, na hicho ndicho tunachoandika kwenye fomu kama ladha inayobaki.

Kuna na kasehemu ka ulimi katika kumeza, nisikufiche. Vionjo havipo ulimini peke yake, vipo mpaka kwenye kaakaa laini na kwenye koo, kwa hiyo ukimeza uchungu unaongezeka kidogo. Ila hiyo ni nyongeza, kikubwa ni ile pumzi.

Sasa angalia ukitema kinachotokea. Kahawa haikufika kooni, kwa hiyo hakuna utando. Umefungua mdomo kutema, na watu wengi wakishatema wanavuta pumzi kwa mdomo uleule uliofunguka, harufu kidogo iliyobaki mdomoni inasukumwa ndani au inatoka nje mbele. Uani haijapita hata chembe. Ndo maana umesema husikii kitu. Mwalimu wenu alikuwa sahihi kuwaambia mteme, ukionja vikombe sitini kwa siku na ukameza vyote usiku hulali na mikono itatetemeka, ila hakuwaambia nusu ya pili ya kazi.

Nusu ya pili ni hii. Umewaona waonjaji wanavyonyonya kahawa kwenye kijiko kwa kelele, fyuuu, mpaka mtu wa pembeni anaona aibu. Sio madoido. Ukivuta kwa nguvu hivyo kahawa inapasuka kuwa matone madogomadogo kama ya dawa ya kupulizia, mvuke unatoka kwa wingi, na matone mengine yanarushwa hadi nyuma, kwenye kaakaa laini na mwanzo wa koo. Umejipakia utando bila kumeza funda zima. Alafu unafumba mdomo, unatoa pumzi puani polepole, kahawa ikiwa bado mdomoni, unailegeza nyuma kidogo na kuizungusha ili ule mlango wa nyuma ya ulimi ufunguke. Ndipo uteme. Na ukishatema usifungue mdomo kuvuta hewa, fumba, meza mate yako, toa pumzi puani tena. Yale mate yamebeba kahawa iliyobaki mdomoni, ukiyameza yanapaka koo, na pumzi inayofuata inafanya kazi ileile ya kumeza. Mtu akifanya hivyo tofauti ya kutema na kumeza inapungua sana. Haiishi kabisa, ladha inayobaki mwishoni mimi naipata vizuri zaidi nikimeza, ndo maana kikombe ninachokibishania na mwenzangu nameza kafunda kamoja, wengi wanafanya hivyo kimyakimya.

Ngoja nikupe kisa kimoja kilichonitokea, kinahusu pua iliyoziba na kinahusu hela.

Nilikuwa nimeajiriwa kwenye maabara ya mnunuzi mmoja na zikaja sampuli za kutoka Burundi. Kahawa za maeneo yale, Burundi, Rwanda na Kongo ya mashariki, ni nzuri sana ila zina ugonjwa wao unaoitwa ladha ya kiazi. Kikombe kimoja kinatokea kunuka kiazi kibichi kilichomenywa sasa hivi, vingine vinne vya gunia lilelile vizuri kabisa. Unahusishwa na mdudu kimatira anayetoboa na kufyonza tunda la kahawa mtini, na kinachonuka ni kemikali moja ya jamii ya metoksipirazini. Na hiyo kemikali pua ya binadamu inaishika kwa kiasi kidogo kisichoaminika, gramu chache zingetosha kunusika kwenye lita bilioni moja za maji. Kwa macho huwezi kuijua, punje inaweza kuwa nzuri tu ukiitazama. Ndo maana kila kikombe kinasagwa peke yake, punje moja mbaya isije ikachafua vyote, na ukikutana na kiazi unasafisha grinda kwa kusaga kahawa nyingine kidogo na kuitupa.

Siku hiyo nilikuwa na mafua. Sio makali, pua moja imeziba nyingine inapitisha kidogo, nikajiambia miaka yote hii nitashindwa na mafua? Tukapanga vikombe vitano kwa kila sampuli, gramu 8.25 za unga kwa mililita 150 za maji, maji ya nyuzi 93, tukasubiri dakika nne, tukavunja kwa kijiko ule utando wa unga unaoelea juu. Hapo pa kuvunja utando ndipo kiazi kinapojitokeza kwanza, na mimi niliinama nikanusa, sikusikia kitu, nikaandika harufu dhaifu. Sikujiuliza kwa nini kila kikombe mezani kina harufu dhaifu! Nikaonja. Uchachu ulikuwa mkali na safi, ulimi wangu ulikuwa mzima si unaona, uzito mzuri, ukakasi hamna. Nikatoa alama nzuri. Mwenzangu, binti mdogo ndiyo kwanza ana miezi michache kazini, akafika kikombe cha nne cha sampuli ya tatu akarudi nyuma akaweka kijiko chini. Akasema mama hiki ni kiazi. Nikaonja tena, nikamwambia hamna. Akaonja tena, akaniambia kiazi. Tukamwita wa tatu, hakufika hata kunywa, alinusa tu akacheka.

Ona vizuri hapo. Tunaiita ladha ya kiazi, duniani kote wanaiita ladha, ila ladha hata tone haimo, ni harufu mwanzo mwisho. Ulimi wangu haukukosea kitu, uliripoti kila ulichokiona, na kila ulichoripoti kilikuwa kweli. Kosa langu lilikuwa kutoa alama ya vitu saba wakati nina vifaa vya kupimia viwili.

Tangu siku hiyo nina utaratibu. Asubuhi kabla ya meza nanusa vitu vitatu ninavyovijua, karafuu, ganda la limao, na unga wa kahawa ya jana, kila tundu la pua peke yake kwa kuziba jingine. Usishangae tundu moja likiwa zito kuliko jingine, pua ina kawaida ya kupokezana, upande mmoja unapumzika masaa kadhaa alafu wanabadilishana. Ila zote mbili zikiwa nzito, naonja kwa mdomo kisha natoa pumzi puani nikiwa nimeweka kioo kidogo chini ya pua. Kioo kisipopata ukungu hewa haipiti, na hewa isipopita sionji, nakaa naandika namba za wenzangu. Usijaribu kulazimisha kwa dawa za kupuliza puani kila siku ya kuonja, zile za kuzibua haraka ukizitumia zaidi ya siku tatu mpaka tano pua inakuja kuziba zaidi ukiacha.

Kuna kitu kingine usikichanganye na mafua. Pua inapitisha hewa vizuri, kioo kina ukungu, lakini harufu hamna. Hiyo waliipata wengi wakati wa Korona na ni habari nyingine, pale hewa inafika juu ila mahali penyewe pa kunusia pameumizwa. Na wengine ikirudi inarudi imepinda, kahawa inanuka taka au kitu kilichooza kinaungua. Jane Parker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walifuatilia watu wa namna hiyo wakawanusisha kemikali za kahawa mojamoja, matokeo yakatoka 2022, na iliyowachefua wengi zaidi ilikuwa furfurilthioli, ambayo kwa pua nzima ndiyo harufu yenyewe ya kahawa iliyokaangwa sasa hivi! Mtu wa namna hiyo kumwambia atumie dawa za mafua hakumsaidii, aende kwa daktari wa pua, masikio na koo, hasa kama wiki zinapita na pua haijaziba.

Hiyo furfurilthioli inaeleza na kitu kingine, kwa nini kahawa ya kwenye chupa ya chai baada ya masaa mawili inakuwa kama ya mtu mwenye mafua hata kama wewe huna. Haidumu kwenye kahawa iliyokwisha kupikwa, inashikana na yale mavitu ya rangi ya kahawia na haitoki tena kama mvuke. Uchungu unabaki uleule. Chupa imetunza joto, harufu haikutunza.

Na kama unataka kuona ulimi, pua na kitu cha tatu vikigawana kazi, nenda pwani ukanywe kahawa chungu yenye tangawizi na iliki ukiwa umebana pua. Uchungu utausikia, huo ni wa ulimi. Iliki itapotea karibu yote, hiyo ni ya pua, na waomani wanaojaza iliki kwenye kahawa yao wangesikitika sana. Lakini tangawizi itakuchoma vilevile, maana kuchoma sio ladha wala harufu, ni mshipa wa fahamu wa uso unaohisi maumivu na moto, huo hauhitaji pua wazi. Ndo maana mgonjwa wa mafua anaomba tangawizi na pilipili, ndivyo anavyovisikia vikifika.

Kwa hiyo siku ya mafunzo ijayo fanya hivi. Acha kahawa ipoe kidogo, ikiwa ya moto sana ulimi unaungua na hutasikia uchachu. Nyonya kwa kelele, usione haya. Fumba, zungusha, toa pumzi puani polepole kama unazima mshumaa kwa pua. Tema. Fumba tena, meza mate, toa pumzi. Limao ukilisikia kwenye pumzi ya pili liandike hapohapo, ukisubiri hadi kikombe kinachofuata litakuwa limeshachanganyika na jirani yake. Ukitaka kujipima, funda moja tema, funda la kikombe hichohicho meza, andika yote mawili pembeni bila kuangalia la kwanza. Karatasi zikianza kufanana ujue umeshaijua njia ya uani.